Karatasi, Wino na Macho Yaliyochoka

Wiki chache zilizopita ilitufikia barua ya mama mmoja wa Kisauni, na tangu hapo hatukuweza kuiweka kando. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka kumi. Darasani akiulizwa kwa mdomo hujibu vyema, hata kuwashinda wenzake, lakini akiambiwa asome aliyoyaandika mwenyewe katika daftari lake huruka mistari, hulirudia neno lile lile mara mbili, na baada ya robo saa huanza kusugua macho. Mwalimu wake ameandika chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, neno moja tu: mvivu. Jirani amemshauri mama huyo anunue miwani yenye vioo vya rangi, ambayo bei yake inapita karo ya muhula mzima. Mwingine amemwambia aache miwani, amtafutie mtoto madaftari ya karatasi ya manjano. Mama anauliza ashike la nani. Tena anaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba bibi yake mtoto, ambaye hukaa naye meza moja baada ya swala ya Isha akiandika hesabu za chama chao cha akina mama, naye analalamika kuwa maandishi yanamtoroka.

Tulikwenda kuwaona. Lakini kabla ya kusimulia tuliyoyakuta mezani, inafaa tuimalize habari ya miwani, maana ndiyo iliyokuwa karibu kuzitoa fedha za nyumba ile.

Fikra ya kwamba rangi huponya ugumu wa kusoma ilienea kuanzia mwaka wa 1983, pale mwanasaikolojia wa California, Helen Irlen, alipoeleza kuwa baadhi ya watu waliotatizika kusoma walipata nafuu walipotazama maandishi kupitia plastiki ya rangi. Vikafuata vioo vya rangi, na biashara yake ikaenea nchi nyingi. Mwaka wa 2009 jumuiya za madaktari wa watoto na madaktari wa macho wa Marekani zilitoa tamko la pamoja zikasema kuwa ushahidi wa kutosha wa kuunga mkono tiba hiyo haupo. Sababu yake si ngumu kufahamika. Disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma unaomshika mtoto mwenye akili timamu na macho mazima, asili yake kubwa iko katika namna ubongo unavyozitenga sauti za lugha na kuzifunga na herufi zake. Mtoto huyo herufi anaiona, ila kuigeuza sauti ndiko kunakomchelewesha. Rangi ya kioo haiwezi kuifikia kazi hiyo.

Basi je, karatasi na wino havina lao? Vinalo. Mtoto wa namna hii hutumia nguvu nyingi kwa kila neno, kwa hiyo kila kizuizi kidogo kilichoko baina ya jicho na herufi humgharimu zaidi kuliko kinavyomgharimu mwenzake. Msomaji hodari akikuta neno lililofifia hulikisia akapita. Huyu hukwama hapo. Kazi ya karatasi nzuri ni kuviondoa vizuizi hivyo, na haipiti hapo.

Turudi mezani. Daftari la mtoto lilikuwa la kurasa 96, la bei ya chini, lililoandikwa pande zote mbili za kila karatasi. Tulilifungua katikati, na kabla hatujasoma neno tulikiona kisa. Maandishi ya upande wa nyuma yalipenya mbele. Baina ya mistari aliyoiandika leo ilionekana, kwa rangi ya kijivu, mistari ya jana iliyogeuka kinyume kama iliyo katika kioo. Mtoto alikuwa akisoma kurasa mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua, kwani mtu mzima akikisoma kitu kwa haraka huupuuza uvuli huo bila kujitambua.

Daftari lake la madrasa lilikuwa na hali mbaya zaidi. Katika maandishi ya Kiarabu, baa, taa na thaa hutengwa kwa nukta peke yake: moja chini, mbili juu, tatu juu. Karatasi inayopenya huleta nukta za nyuma zikatua juu ya herufi za mbele. Tulimwomba atusomee mstari mmoja, akaisoma baa kuwa yaa. Tulipoinua karatasi tukaona nukta ya pili kwa hakika ilikuwepo, ila ilikuwa ya upande wa pili. Hakukosea kuona. Alisoma kilichokuwepo mbele yake.

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Madaftari mengi ya bei nafuu ni ya gramu 60 au pungufu, na karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Gramu 80 kwa kawaida hustahimili maandishi ya pande mbili kwa biro, lakini msiutegemee mwandiko wa jalada peke yake, maana karatasi mbili za uzito mmoja huweza kutofautiana katika kuficha. Dukani fanyeni hivi: fungueni daftari, tieni chini ya ukurasa mmoja kitu chenye maandishi meusi ya kuchapwa, kama vile risiti au kipande cha gazeti, kisha tazameni. Mkiweza kuyasoma maneno yaliyo chini, daftari hilo litapenya. Mkiona kivuli tu kisicho na umbo, linafaa.

Kuna kingine kinachopita pamoja na wino. Mtoto anayehangaika huibana kalamu kwa nguvu, na biro huacha migongo upande wa nyuma. Taa ikiwa pembeni, migongo hiyo hutupa vivuli vidogo vinavyofanana na wino hafifu. Pitisheni kidole nyuma ya karatasi. Mkihisi mikwaruzo, mpeni mtoto karatasi mbili tatu za kuwekea chini ya ukurasa anaouandika, au aandike upande mmoja tu.

Na madaftari yaliyokwisha kujaa, ambayo mtihani utatoka humo? Hapa tuna hila ambayo haigharimu ila kipande cha manila nyeusi. Kateni kipande kinacholingana na ukurasa, kisha kiwekeni nyuma ya karatasi inayosomwa. Maandishi ya nyuma huonekana mbele kwa kuwa mwanga hupenya karatasi nyembamba, hugonga ukurasa mweupe ulio chini yake, kisha hurudi juu ukiwa umebeba kivuli cha wino wa nyuma. Pakiwa na weusi chini, mwanga ule humezwa, haurudi. Ukurasa wote hugeuka kuwa na weusi kidogo, lakini ile mistari ya kinyume hufifia. Mtoto alipowekewa manila hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mama, yamekwenda wapi yale mengine?” Mama yake hakuwahi kujua kuwa yako mengine.

Sasa weupe wa karatasi. Karatasi nyingi za leo hutiwa dawa inayonasa miali ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa buluu, ndiyo maana karatasi mpya ikipelekwa dirishani mchana hung'aa kwa weupe wenye ubuluu, kama kanzu iliyotiwa bluu ya dobi. Kwa macho mengi hilo si tatizo. Kwa macho yaliyochoka, au kwa mtoto anayelalamika kuwa ukurasa unamchoma, karatasi isiyong'aa ya rangi ya malai hupendeza zaidi. Chama cha Disleksia cha Uingereza, katika mwongozo wake wa uandishi, nacho hushauri karatasi isiyo na mng'ao, nene kiasi cha kutopenya, na rangi ya malai au nyingine hafifu badala ya weupe mtupu. Huo ni ushauri wa kupunguza mwako, haudai kuwa malai ni dawa. Wanaosoma misahafu mingi iliyochapwa siku hizi watakuwa wameshaizoea rangi hiyo bila kuitia maanani.

Mama wa Kisauni alitaka kujua kama mwanawe atafaidika na rangi, na tulimwambia asitusadiki sisi, apime. Huu ndio upimaji alioufanya. Alichagua vifungu kumi na viwili kutoka kitabu kimoja cha hadithi ambacho mtoto hajakisoma, kila kifungu maneno 60. Alivinakili kwa mkono wake mwenyewe, kwa biro ile ile ya buluu, kwa ukubwa ule ule wa herufi. Aliviandika katika karatasi za aina nne: daftari jembamba lenye maandishi nyuma, daftari lile lile lakini nyuma tupu, karatasi nyeupe ya gramu 80, na karatasi ya malai ya gramu 80. Kila usiku, kwa siku tatu, mtoto alisoma kifungu kimoja kutoka kila aina, saa ile ile na chini ya taa ile ile. Mpangilio ulibadilishwa kila usiku, kwa sababu kifungu cha mwisho hukuta macho yamechoka, na karatasi inayokuja mwisho kila siku hudhulumiwa. Hakuna kifungu kilichorudiwa, maana mara ya pili mtoto husoma kwa kumbukumbu.

Katika daftari lililoandikwa nyuma, makosa yalikuwa baina ya manane na kumi na moja kila usiku. Katika zile tatu nyingine yalikuwa baina ya manne na sita, na hakuna iliyoishinda mwenzake kwa siku zote tatu. Usiku mmoja malai ilitangulia, usiku wa pili ilitangulia nyeupe, na usiku wa tatu daftari jembamba lenye mgongo mtupu likawa sawa na malai. Yaani kilichomwokoa ni kuondoka kwa maandishi ya nyuma. Rangi haikupunguza makosa. Hata hivyo mama aliandika jambo jingine pembeni: juu ya karatasi nyeupe mtoto aliinamisha daftari mara kwa mara kuukwepa mwanga wa taa, na juu ya malai hakufanya hivyo, wala hakusugua macho. Tukamshauri achukue malai ikiwa bei ni sawa au tofauti ni ndogo, na kama bei inapita uwezo achukue nyeupe bila majuto.

Kwa rangi nzito zaidi tunamtaka kila mzazi awe mwangalifu, na hapa ndipo bibi yake anapoingia. Daftari lake la chama lilikuwa la karatasi za waridi iliyokolea, zawadi ya mjukuu mwingine, na ndani yake aliandika kwa penseli na kwa biro ya buluu iliyopauka. Madeni aliyaandika kwa wino mwekundu ili asiyasahau. Balbu ya meza ile ni ya manjano. Sivyo ilivyotokea kwamba madeni ndiyo aliyoyaona. Madeni ndiyo yaliyompotea, hata akamdai mwanachama mmoja fedha alizokwisha kuzilipa, na ikamlazimu kwenda kuomba radhi nyumbani kwake.

Kila jicho linapozeeka, mboni yake hupungua upana na lenzi iliyo ndani hugeuka manjano, kwa hiyo mwanga unaofika nyuma ya jicho huwa mchache kuliko ule wa ujanani. Jicho la namna hiyo linahitaji tofauti kubwa baina ya wino na karatasi. Waridi iliyokolea huipunguza tofauti hiyo kabla hata kalamu haijagusa. Penseli nayo hung'aa: ikipigwa na taa kwa upande, herufi hugeuka fedha na kupotea. Ama wino mwekundu, makosa ni ya balbu. Mwanga wa manjano, kama ulivyo wa chemli, una wekundu mwingi na ubuluu mchache. Wino mwekundu huurudisha wekundu ule karibu sawa na unavyorudishwa na karatasi, hasa karatasi ya waridi, basi viwili hivyo vikalingana na herufi ikazama. Wino wa buluu iliyokolea, kinyume chake, huumeza wekundu, na chini ya balbu hiyo huonekana karibu mweusi. Ndiyo sababu kalamu iliyochaguliwa dukani mchana huweza kusaliti usiku. Andikeni neno moja kwa kila kalamu juu ya karatasi moja, lisomeni chini ya taa ya nyumbani kwenu mkiwa mmeinyoosha karatasi kwa urefu wa mkono, kisha fumbeni macho nusu. Neno litakalotangulia kutoweka, kalamu yake isiandike kitu cha kusomwa usiku.

Kwa bibi tulichagua karatasi ya malai hafifu na biro nyeusi ya ncha ya milimita 1.0, ambayo huacha mstari mnene kuliko ile ya 0.7. Madeni sasa huyazungushia duara la wino ule ule mweusi. Alama ya umbo hushinda alama ya rangi, maana umbo halitegemei taa. Tena kuna wavulana wasiotofautisha wekundu na kijani tangu kuzaliwa, na kasoro hii huwapata wanaume kuliko wanawake, mara nyingi bila wenyewe kujua. Mwalimu akimpa mtoto kama huyo kanuni za tajwidi kwa rangi tupu, amempa kanuni zilizofichwa. Na bibi alikuwa hajapimwa macho kwa miaka sita. Mama alimpeleka, akapewa miwani mipya ya kusomea. Haingefaa tukalisifu karatasi kwa kazi ya miwani.

Kalamu za jeli huwavutia watoto kwa weusi wake wa kukolea, nasi hatuzikatai, ila mzijaribu kwanza. Wino wake ni wa maji, na katika unyevu wetu wa pwani, karatasi nyembamba iliyokaa wazi huwa laini na kuufyonza. Herufi huota manyoya pembeni, tundu la a na la e hujaa, na wino hupenya nyuma kwa madoa. Kwa daftari jembamba, biro ya buluu iliyokolea au nyeusi ndiyo salama.

Limebaki moja ambalo kwa mtoto huyu lilizidi rangi zote, nalo ni nafasi. Mwaka wa 2012 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa waliopewa maandishi yaliyoachanishwa herufi kuliko kawaida. Walisoma kwa kasi zaidi na makosa yakapungua, bila mafunzo yoyote kabla yake. Katika daftari, hili linafanyika kwa kuruka mstari mmoja kila baada ya mstari, kuacha nafasi ya kidole baina ya maneno, na kutozibana herufi. Daftari huisha upesi maradufu, na hilo ni gharama, tusiifiche. Mama alipima fedha zake akaona kwamba daftari la kawaida linaloandikwa upande mmoja kwa kuruka mstari linamgharimu zaidi kwa muhula, lakini ni sehemu ndogo sana ya bei ya ile miwani ya rangi.

Yale makosa manne hadi sita yaliyobaki juu ya kila karatasi, hata iliyo bora, ndiyo yaliyotupa fikra zaidi. Mtoto aliendelea kubadilisha b na d, na kulikisia neno refu kwa herufi zake mbili za mwanzo. Hayo hayatokani na karatasi. Tulimshauri mama ayaorodheshe, aende nayo katika kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti, ambako watoto hupimwa mahitaji yao ya kusoma. Aende pamoja na daftari la zamani, daftari jipya, na ile karatasi ya upimaji wa siku tatu.

Wiki hii ametuandikia tena kwa ufupi. Tarehe ya tathmini amepewa. Mwalimu wa darasa alishikilia kwamba daftari lazima lijae pande zote mbili kama la wenzake, mpaka mama alipolifungua lile la zamani mbele yake, akaweka manila nyeusi nyuma ya ukurasa, akaiondoa, akaiweka tena. Ustadh wa madrasa hakuhitaji kuonyeshwa. Alikwisha kumruhusu aandike upande mmoja, naye mwenyewe ameomba kipande cha manila.